Pigo kali likija mno, lisipokuja, au likija kwa wakati usiofaa: utatuzi wa hitilafu za nasibu inayopanda

Mwongozo huu unawahusu watengenezaji wa gemu waliokwisha kuweka mfumo wa nasibu inayopanda, yaani ule ambao uwezekano wa pigo kali huongezeka kila mchezaji anapokosa, na sasa wanapokea malalamiko ambayo hawajui wayaanzie wapi. Mfumo wenyewe ni wa siku nyingi. Katika Warcraft III ya mwaka 2002, shujaa aitwaye Blademaster ana asilimia 15 ya kutoa pigo kali, lakini pigo lake la kwanza baada ya pigo kali lina uwezekano wa takriban asilimia 3.2 tu, la pili lina mara mbili ya huo, la tatu mara tatu, na hivyo hivyo hadi pigo kali litokee na hesabu ianze upya. Dota ilirithi utaratibu huo huo, na wengi wanaouiga leo wameujulia huko.

Kanuni yake ni fupi: `P(N) = C × N`. N ni namba ya pigo tangu pigo kali lililopita, na C ni namba ndogo iliyochaguliwa ili wastani wa muda mrefu ulingane na asilimia iliyotangazwa kwa mchezaji. Katika mwongozo huu nitatumia asilimia 25 tangu mwanzo hadi mwisho, ambayo C yake ni 0.08474. Thamani hiyo ndiyo msingi wa vipimo vyote vinavyofuata, kwa hiyo anayetumia asilimia nyingine itambidi akokotoe C yake kwanza.

Kabla ya yote: pima mapengo, usipime wastani peke yake

Pengo ni idadi ya mapigo kutoka pigo kali moja hadi jingine, pigo kali la mwisho likihesabiwa. Wastani wa mapigo makali unaweza kuwa sahihi kabisa ilhali mfumo umeharibika ndani, na unaweza pia kuonekana mbaya kwa sababu tu mlalamikaji amehesabu mapigo 40 na kuridhika. Kwa mapigo 40 mtu hutarajia makali kumi, lakini kupata saba au kumi na matatu si ushahidi wa kosa lolote. Endesha mapigo 100,000 dhidi ya mlengwa asiyekufa, bila picha wala sauti, ukiandika kila pengo katika logi. Wastani unapaswa kuangukia kati ya asilimia 24.7 na 25.3.

Kisha tazama mgawanyo wa mapengo. Mfumo ukiwa mzima, mapengo yenye urefu wa pigo moja ni takriban asilimia 8.5 ya mapengo yote, ya mapigo mawili ni 15.5, ya matatu ni 19.3 na ya manne ni 19.2, baada ya hapo yanapungua haraka. Hakuna hata moja linaloweza kuzidi 12, kwa kuwa pigo la kumi na mbili lina uwezekano unaopita asilimia 100. Sehemu mbili za mgawanyo huu, yaani pengo la pigo moja na mpaka wa 12, ndizo zitakazokuonyesha karibu kila hitilafu iliyoelezwa hapa chini, na ndiyo maana nasisitiza zipimwe kabla mtu hajagusa mstari wowote wa programu.

Dalili ya kwanza: mapigo makali ni mengi kuliko yaliyotangazwa

Sababu inayotokea mara nyingi zaidi ni kwamba asilimia iliyotangazwa imewekwa mahali pa C. Mtengenezaji anaandika 25, anaanza na 25, kisha anaongeza 25 kila mchezaji anapokosa: 25, 50, 75, 100. Kwa macho inaonekana ni jambo la busara, lakini wastani wake unatoka asilimia 45. Utaitambua hitilafu hii bila shida, kwa kuwa mapengo ya pigo moja yatakuwa asilimia 25 badala ya 8.5, na hakutakuwa na pengo linalozidi manne.

Tiba yake ni kukokotoa C halisi. Hakuna kanuni fupi ya kuipata kwa asilimia zote, hivyo hutafutwa kwa kukisia na kubana: chukua C ya kukisia, pata wastani wa urefu wa pengo, linganisha na unaotakiwa, kisha nusu ya nafasi iliyobaki itupwe.

```python
def wastani(c):
    bado, jumla, n = 1.0, 0.0, 1
    while bado > 0:
        jumla += bado
        bado *= 1 - min(1.0, c * n)
        n += 1
    return jumla

def tafuta_c(p):
    chini, juu = 0.0, p
    for _ in range(60):
        kati = (chini + juu) / 2
        if 1 / wastani(kati) < p:
            chini = kati
        else:
            juu = kati
    return juu
```

Fanya hesabu hii mara moja, uhifadhi majibu katika jedwali, na usiirudie katikati ya pambano. Angalia pia asilimia sifuri: ukiipitisha humo, `bado` haitapungua kamwe, kitanzi hakitaisha, na gemu itaganda. Silaha isiyo na pigo kali lolote ichujwe kabla ya kufika hapo.

Sababu ya pili kwa wingi ni kihesabio kinachoanzia kwenye mbili. Hutokea pale pigo kali linaporudisha kihesabio kwenye moja, halafu mstari wa kuongeza moja, ulio nje ya sharti, ukatekelezwa vilevile. Pigo linalofuata linapata uwezekano wa asilimia 16.9, na wastani wa jumla unapanda hadi asilimia 30.5 hivi. Kosa hili ni gumu kulishtukia kwa kucheza tu, kwani tofauti ya 25 na 30 haionekani kwa macho, lakini katika logi mapengo ya pigo moja yatakuwa maradufu ya yanavyotakiwa. Mpangilio ulio salama ni kuongeza kwanza, kupima baadaye, na kurudisha sifuri ndani ya sharti pekee:

```python
import random

def pigo(hali, c):
    hali.n += 1
    if random.random() < c * hali.n:
        hali.n = 0
        return True
    return False
```

Sababu ya tatu, ambayo ni nadra, ni kihesabio kisichorudi sifuri kabisa. Hii haihitaji logi: baada ya mapigo machache kila pigo linakuwa kali.

Dalili ya pili: mapigo makali ni machache kuliko yaliyotangazwa

Anza na jambo jepesi. Tazama kama kuna pengo lolote la pigo moja katika logi nzima. Kama halipo hata moja kati ya mapigo 100,000, basi kihesabio kinapimwa kabla ya kuongezwa, na pigo la kwanza baada ya kila pigo kali linapata uwezekano wa C mara sifuri. Kila pengo limerefushwa kwa pigo moja, wastani wa mapigo manne umekuwa matano, na asilimia 25 imeshuka kuwa 20 kamili. Wachezaji huieleza hali hii kwa maneno yao: hawajawahi kuona mapigo makali mawili yakifuatana. Wasikilizwe, lakini usikimbilie kubadilisha chochote kabla ya kupima, maana hata mfumo mzima hutoa mawili mfululizo mara 8.5 tu katika 100, ilhali nasibu ya kawaida hutoa mara 25. Kupungua kwake ni sehemu ya mfumo. Kutoweka kabisa ndiko hitilafu.

Ikiwa mapengo ya pigo moja ni asilimia 8.5 kama inavyostahili, lakini wastani bado uko chini, tafuta mapengo yanayozidi 12. Ukiyaona, kihesabio kinafutwa mahali fulani pasipo pigo kali. Mara nyingi kimehifadhiwa kwa adui badala ya kuhifadhiwa kwa mshambuliaji, na adui akifa kinakufa naye.

Hitilafu hii inastahili kufuatiliwa hatua kwa hatua, kwa sababu jaribio la mlengwa asiyekufa haliwezi kuifichua kamwe. Chukua gemu ambayo maadui wadogo huja kwa mawimbi na kila mmoja huanguka kwa pigo la tatu. Mshambuliaji anampiga wa kwanza kwa uwezekano wa asilimia 8.5, kisha 16.9, kisha 25.4. Adui anakufa. Badala ya pigo la nne kupata 33.9, adui mpya anakuja na kihesabio kipya na uwezekano unarudi 8.5. Uwezekano wa kumaliza adui mmoja bila pigo kali ni 0.567, na wa kumaliza wanne mfululizo, yaani mapigo 12 ambayo kwa kanuni hayawezi kupita bila pigo kali, ni asilimia 10. Nasibu ya kawaida isiyopandishwa ingempa mchezaji ukame wa namna hiyo mara 3 tu katika 100. Mfumo uliowekwa ili kumkinga mchezaji na bahati mbaya umemwongezea bahati mbaya mara tatu, na wastani wake umeporomoka hadi asilimia 15.6.

Kwa hiyo rudia jaribio la mapigo 100,000 kwa walengwa wanaokufa kwa pigo la tatu, iwe ni pigo kali au la. Majibu yakitofautiana na ya mlengwa asiyekufa, umeipata. Hamisha kihesabio kwa mshambuliaji, kisha kagua sehemu nyingine zinazoweza kukifuta: kubadilisha silaha, kuingia ramani mpya, kuhifadhi na kufungua gemu, na shujaa kufufuka. Kufuta wakati wa kufufuka kunaweza kuwa uamuzi halali wa mbunifu; kufuta kwenye kila ramani fupi kutakurudisha kwenye tatizo lile lile.

Sababu ya mwisho katika dalili hii ni kihesabio kimoja kutumiwa na uwezo miwili, kwa mfano pigo kali la asilimia 25 na pigo la kumduwaza adui la asilimia 10. Pigo kali, ambalo huja mara nyingi zaidi, linafuta hesabu kila mara, na uwezo wa kuduwaza haupati nafasi ya kupanda. Hapa pigo kali lenyewe linaweza kuonekana karibu na sawa, na ndiyo sababu mtu huchukua muda kulishuku. Kila uwezo upewe kihesabio chake.

Dalili ya tatu: wachezaji wanapanga wakati wa pigo kali

Hii si hitilafu ya programu. Mfumo unafanya kazi ilivyoandikwa, na wachezaji wazoefu wameusoma. Katika Dota ni mbinu inayojulikana: mchezaji anapiga maadui wadogo mapigo kadhaa yasiyo makali, kisha anamgeukia shujaa wa upande wa pili akiwa na uwezekano uliopanda. Baada ya kukosa mara saba katika mfano wetu, pigo la nane lina uwezekano wa asilimia 67.8, na kihesabio hakichakai kwa kupita kwa muda.

Kwanza hakikisha kama lalamiko ni la kweli: tenga katika logi mapigo ya kwanza tu dhidi ya mashujaa na uone ni mangapi makali. Kwa wachezaji wa kawaida yatakaribia asilimia 25. Yakipanda sana kwa wachezaji wa ngazi ya juu peke yao, kuna upangaji. Angalia pia vyanzo vya bure, kama vile kupiga majengo, sanamu za mazoezi au wenzako. Pigo lisiloweza kuwa kali lisiongeze hesabu, na hilo peke yake hutuliza sehemu kubwa ya malalamiko.

Likibaki, zipo njia mbili zenye gharama. Ya kwanza ni vihesabio viwili, kimoja cha mashujaa na kingine cha maadui wadogo. Njia hii huzuia upangaji, ila ukame unaweza kurefuka mchezaji anapochanganya walengwa, kwa kuwa sasa ana mipaka miwili ya mapigo 12. Ya pili ni kukipunguza kihesabio muda unavyopita bila pambano. Hiyo huwaumiza wenye silaha nzito zinazopiga polepole, ambao hesabu yao huchakaa kati ya pigo na pigo, na wastani wao hushuka chini ya uliotangazwa. Kwa maoni yangu ya kwanza ni bora, kwa sababu wastani haubadiliki.

Kuna upangaji wa aina nyingine ambao husahaulika, nao ni wa asilimia kubwa. Kuanzia theluthi mbili kwenda juu, C ni sawa na `2 − 1/P`, P ikiwa ni uwezekano uliotangazwa, na pigo la pili baada ya pigo kali huwa la uhakika. Kwa asilimia 70, C ni 0.571, hivyo kila pigo la kawaida hufuatwa na pigo kali bila kukosa. Mchezaji akigundua hilo, nasibu imekwisha. Nisingetumia mfumo huu juu ya asilimia 50. Nasibu ya kawaida inatosha hapo, maana ukame mrefu hautokei mara kwa mara hata bila msaada.

Dalili ya nne: pigo kali linakuja mara tu baada ya kupanda ngazi au kuvaa silaha mpya

Tuseme shujaa mwenye asilimia 25 amekosa mara tano. Pigo linalofuata lina asilimia 50.8. Kabla hajapiga, ananunua silaha inayompandisha hadi asilimia 40, ambayo C yake ni 0.20155. Kihesabio kimebaki palepale, na sita mara 0.20155 inazidi moja: pigo kali limekuwa la uhakika kwa sababu ya ununuzi. Wachezaji wakilijua hili watabeba silaha mbili na kuzibadilisha.

Kagua kwanza kama kinachohifadhiwa ni N au ni asilimia iliyokwisha kupanda. Ukihifadhi asilimia, C ya zamani na mpya zitachanganyika kwa namna isiyofuatilika, kwa hiyo hifadhi N siku zote. Kisha, asilimia inapobadilika, pima N upya kwa uwiano: N ya zamani mara C ya zamani, gawanya kwa C mpya, tupa desimali. Katika mfano huu tano inakuwa mbili, na pigo linalofuata lina asilimia 60.5, ambalo ni ongezeko la haki kwa aliyenunua silaha bora. Usifute hesabu kabisa, la sivyo mchezaji aliyekosa mara tano ataadhibiwa kwa kujiimarisha.

Dalili ya tano: kompyuta mbili zinaonyesha matokeo tofauti

Mchezaji mmoja anaona pigo kali, mwenzake haoni. Mara nyingi kompyuta ya mchezaji inatabiri pigo ili picha isichelewe, na kihesabio chake kimeachana na cha seva baada ya ujumbe mmoja kupotea. Cheki rahisi ni kuandika N ya pande zote mbili kwenye kila pigo na kutafuta mahali zilipoachana kwa mara ya kwanza. Kosa liko kwenye pigo hilo, si pale lalamiko lilipotolewa. Seva ndiyo iamue, na mchezaji aonyeshwe mwendo wa silaha pekee hadi jibu lifike.

Katika gemu za mtindo wa Warcraft III, ambamo kila kompyuta huendesha pambano zima yenyewe na kutarajiwa kupata jibu moja, sababu huwa nyingine: kuna sehemu ya programu, labda cheche au sauti, iliyochota namba ya nasibu kutoka chanzo kile kile cha pambano, na kwenye kompyuta moja tu. Tenga chanzo cha mapambo na chanzo cha mapambano. Usijaribu kuziba pengo kwa kutuma matokeo ya mapigo makali peke yake. Hali nyingine zote zitaendelea kuachana kimyakimya.

Mahali pa kusimama na kumwita mtaalamu

Ukitenga vyanzo na kompyuta bado zinaachana, na gemu tayari ina mashindano yenye zawadi, acha kurekebisha kwenye seva inayotumika. Mwite mhandisi wa mitandao ya gemu, na umpe logi zilizotunzwa zikiwa kamili kutoka pande zote mbili, kwa sababu logi iliyofupishwa humlazimu kuanza upya.

Simama vilevile ikiwa mtu anataka kuuhamishia mfumo huu kwenye masanduku yanayonunuliwa kwa pesa halisi. Tangu Desemba 2017, Apple inadai programu zinazouza masanduku ya namna hiyo zitangaze uwezekano wa kila kitu kabla mteja hajanunua, na ukitangaza asilimia 25 huku sanduku la kwanza likiwa na 8.5, umetangaza namba ambayo mnunuzi wa sanduku moja hataipata. Hapo anahitajika mwanasheria anayejua sheria za bahati nasibu katika nchi unazouza, pamoja na mtakwimu wa kuandika kinachotangazwa. Mpaka wote wawili wawe wamesaini, masanduku yabaki kwenye nasibu ya kawaida.